Kujifunza Kinanda kwa Kitabu Bila Kujua Kusoma Nota: Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa mtu mzima ambaye hajawahi kusoma nota, hana mwalimu, na anataka kujifunza kinanda au piano kwa kutumia kitabu. Nimeuandika baada ya kumsaidia rafiki yangu aliyekuwa amefika theluthi ya kitabu chake akicheza vizuri kabisa, lakini alipowekewa wimbo mgeni mbele yake hakuweza kutambua hata nota moja.

Hatua ya 1: Chagua kitabu kwa kukifungua katikati

Kurasa za mwanzo za vitabu vyote vya wanaoanza hufanana, kwa hiyo usihukumu kitabu kwa kurasa hizo. Fungua theluthi ya kwanza inapoishia, kisha tazama mambo mawili. Kwanza, je, juu ya kila nota bado kuna namba ya kidole? Pili, je, ndani ya vichwa vya nota kumeandikwa herufi? Ukikuta jambo lolote kati ya hayo likiendelea hadi hapo, kirudishe rafuni. Kitabu kizuri huweka namba kwenye nota ya kwanza na pale tu ambapo mkono unahama, na kufikia hapo kitakuwa kimekwisha kukuhamisha kutoka mkao mmoja wa mkono hadi mwingine.

Mimi hupendelea kitabu kilichofungwa kwa waya wa mzunguko, kwa sababu hulala wazi bila kushikwa, na kilichoandikiwa watu wazima, kwa sababu vile vya watoto hukaa muda mrefu mno kwenye nota zile zile tano. Ikiwa lengo lako ni kusindikiza waimbaji tu, kitabu cha kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kitakufaa zaidi, na hatua zinazofuata hazikuhusu sana.

Hatua ya 2: Jua vibonye kabla ya kurasa

Vibonye vyeusi vimepangwa kwa makundi ya viwili na vitatu. C ni kibonye cheupe kilicho kushoto tu mwa kundi la viwili, na F kiko kushoto tu mwa kundi la vitatu. Tafuta kila C na kila F kwenye kinanda chako hadi usilazimike kufikiri. Usibandike karatasi za herufi juu ya vibonye.

Hatua ya 3: Jitenge na namba za vidole

Hapa ndipo wengi hukwama bila kujua kwamba wamekwama. Vitabu huhesabu kidole gumba kuwa 1 na kidole cha mwisho kuwa 5, katika mikono yote miwili. Somo la kwanza mara nyingi huweka gumba la kulia juu ya C ya kati, yaani C iliyo karibu na katikati ya kinanda, kwa hiyo C, D, E, F na G huchezwa na vidole 1, 2, 3, 4 na 5. Kwa muda wote ambao mkono haujahama, namba na nota zinakwenda pamoja, na jicho, ambalo siku zote hufuata njia rahisi, husoma namba na kuiacha nota.

Chukua mfano wa sauti sita: C, E, G, E, D, C. Juu yake kitabu kitakuwa kimeandika 1, 3, 5, 3, 2, 1, na rafiki yangu aliicheza bila kusita. Kisha kitabu kikahamishia gumba lake kwenye G, ambapo vidole vitano sasa vinakaa juu ya G, A, B, C na D. Alipoiona nota ya G kwenye mstari wa pili kutoka chini kati ya mistari mitano ya nota, alibonyeza kwa kidole cha 5 kama alivyozoea, na ikatoka D. Hiyo ndiyo dalili ya kuangalia: ukiona kwamba makosa yako yanaanza pale tu mkono unapohama, hujasoma nota bado, umesoma namba. Mkono wa kushoto huongeza mkanganyiko, kwa kuwa kidole cha 5 ndicho kinachokaa kwenye C na gumba likakaa kwenye G.

Tiba yake ni nota chache za kuwa alama za njia. Kwa mkono wa kulia zishike tatu: C ya kati, iliyo kwenye kamstari kafupi chini ya mistari mitano, G, iliyo kwenye mstari wa pili, ule ambao ufunguo wa G, alama kubwa iliyo mwanzoni mwa mistari ya mkono wa kulia, unauzunguka, na C ya juu, iliyo kwenye nafasi ya tatu kutoka chini. Kwa mkono wa kushoto anza na F, iliyo kwenye mstari wa nne, kati ya nukta mbili za ufunguo wa F, alama iliyo mwanzoni mwa mistari ya mkono wa kushoto. Nota nyingine zote zisome kwa umbali kutoka kwenye hizo. Ikitoka kwenye mstari kwenda nafasi inayofuata, hamia kibonye cheupe cha jirani. Ikitoka kwenye mstari kwenda mstari unaofuata, ruka kibonye cheupe kimoja. Kwa hiyo E kwenye mstari wa kwanza na G kwenye mstari wa pili zimetenganishwa na F pekee, na unaweza kuliona hilo kabla ya kutaja herufi yoyote.

Zoezi lenyewe ni hili. Funika namba zote kwa vipande vya karatasi, kisha cheza wimbo mzima polepole kwa kidole cha shahada peke yake, ukitaja kila nota kwa sauti. Itakuwa kazi ya kuchosha na haitapendeza masikioni, lakini kidole kimoja hakina namba ya kujifichia. Ukiweza, rudisha vidole vyote. Usiandike herufi kwa penseli juu ya nota, kwani utakuwa umeondoa njia moja ya mkato na kuweka nyingine.

Namba hazipaswi kutupwa moja kwa moja, hata hivyo. Utakapofika kwenye skeli ya C, yaani nota zinazofuatana kutoka C hadi C inayofuata, mkono wa kulia hupanda kwa 1, 2, 3, 1, 2, 3, 4, 5, na ile 1 ya pili, iliyo juu ya F, inakuambia upitishe gumba chini ya kidole cha kati. Ukiipuuza, vidole vitakwisha kabla ya skeli kwisha. Namba ya aina hiyo ibaki wazi.

Hatua ya 4: Sauti ya kitabu isikilizwe mwishoni

Vitabu vingi huja na rekodi. Ukiisikiliza kabla ya kusoma, sikio litaushika wimbo na jicho litaacha kazi. Piga makofi ya mapigo kwanza, ukihesabu kwa sauti huku metronomu, kifaa cha kupigia mapigo, ikiwa kwenye mapigo 60 kwa dakika, kisha cheza, na ndipo usikilize ili kulinganisha.

Hatua ya 5: Lini ufungue ukurasa mwingine

Kucheza wimbo tangu mwanzo hadi mwisho bila kosa si kipimo, kwa sababu huenda vidole vimekariri. Fumba macho, weka penseli popote kwenye ukurasa, kisha fumbua na uanze kucheza kutoka hapo hapo. Ukilazimika kurudi mwanzo wa mstari ili ujue uko wapi, baki kwenye ukurasa huo. Ukiweza kuanza mahali patatu tofauti, endelea, hata kama mwendo wako bado ni wa taratibu kuliko ule wa rekodi.