Somo: Kupanga msimbo wa Gray kwa biti zozote, majirani watofautiane biti moja tu

Naandika hili mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Swali huwa ni lilelile: nina biti kadhaa, nipangeje namba zake zote ili kila moja itofautiane na inayofuata kwa biti moja tu?

Kuhesabu kwa kawaida hakufai kwa sababu kutoka 3 kwenda 4 ni 011 kwenda 100, yaani biti zote tatu zinageuka. Ukisoma namba hiyo kwenye gurudumu lenye vihisi vitatu, biti hazigeuki kwa pamoja kabisa, na katikati ya mpito unaweza kusoma chochote kati ya 0 na 7. Ikigeuka biti moja tu, utasoma ama namba ya zamani ama mpya, basi. Mpangilio huu unaitwa msimbo wa Gray kwa sababu ya Frank Gray wa Maabara ya Bell, aliyeuombea hataza mwaka 1947.

Hatua ya 1. Anza na orodha ya biti moja: 0, 1.

Hatua ya 2. Nakili orodha yote.

Hatua ya 3. Geuza nakala, wa mwisho awe wa kwanza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo soma taratibu. Kinachogeuzwa ni *mpangilio wa orodha*, kama inavyoonekana kwenye kioo kilichowekwa chini yake. Namba zenyewe hazigeuzwi. Orodha ya biti mbili ni 00, 01, 11, 10, kwa hiyo nakala yake ni 10, 11, 01, 00. Kuna makosa mawili hapa. La kwanza ni kusahau kabisa kugeuza: ukianza na 0, 1 utapata 00, 01, 10, 11, ambayo ni hesabu ya kawaida, na kati ya 01 na 10 biti mbili zimegeuka. La pili ni kugeuza tarakimu ndani ya kila namba, 01 ikawa 10. Hili ni baya zaidi kwa sababu kila nusu ukiitazama peke yake iko sawa. Kasoro imekaa kwenye kiungo, na pale orodha inaporudi mwanzo, basi. Nusu ya kwanza inaishia 010, ya pili inaanza na 100, na hapo biti mbili zimeruka. Ukikagua, anza na kiungo cha katikati.

Hatua ya 4. Weka 0 mbele ya kila namba ya orodha ya mwanzo, na 1 mbele ya kila namba ya nakala.

Hatua ya 5. Unganisha, kisha rudia kutoka hatua ya 2 hadi biti zitimie.

Kwa biti tatu inatoka hivi: 000, 001, 011, 010, kisha 110, 111, 101, 100. Tazama kiungo: 010 na 110. Kwa kuwa nakala imegeuzwa, namba mbili zinazokutana pale ni ileile, tofauti ni biti ya mbele tu. Ya mwisho na ya kwanza nazo zinatofautiana biti moja, hivyo gurudumu linaweza kuzunguka bila kuruka.

Kwa Python:

```python
def gray(n):
    L = [0]
    for k in range(n):
        L += [x | (1 << k) for x in reversed(L)]
    return L
```

Na ya kukagua:

```python
def sawa(L):
    for i in range(len(L)):
        d = L[i] ^ L[i-1]
        if d == 0 or d & (d - 1):
            return False
    return len(set(L)) == len(L)
```

`i` ikiwa 0, `L[-1]` ni ya mwisho, kwa hiyo mzunguko nao unakaguliwa. Mstari wa mwisho unahakikisha hakuna namba iliyojirudia, usiufute.

---

MAJIBU

kipanya7: Mkuu mbona yangu haitoi sahihi?

Mwandishi: Yako ipi? Weka programu na ilichotoa.

kipanya7: Inatoa 0, 1, 11, 10, 110… urefu haulingani.

Mwandishi: Namba ziko sawa, umeacha sifuri za mbele. Kwa biti tatu chapa kwa `format(x, '03b')`.

Nuru_M: Shikamoo mwalimu. Nimeona watu wanaandika `i ^ (i >> 1)` tu, bila orodha yoyote, na jibu ni lilelile. Kwa nini inakubali?

Mwandishi: Marahaba. Swali zuri, ngoja nilijibu vizuri. Kanuni hiyo inalinganisha kila biti ya nafasi `i` na biti iliyo kushoto kwake: zikitofautiana inaandika 1, zikifanana inaandika 0. Chukua nafasi ya 5, yaani 101. Ukiisogeza kulia unapata 010, na tofauti zake ni 111. Hesabu orodha ya juu kuanzia sifuri, nafasi ya 5 ni 111 kweli.

Sasa kioo kinaingiaje? Katika biti tatu, nafasi inayotazamana na `i` ni `7 - i`, na kutoa kutoka 7 ni kugeuza biti zote: 101 inatazamana na 010. Biti mbili jirani zikigeuzwa zote, zilizofanana bado zinafanana na zilizotofautiana bado zinatofautiana. Kwa hiyo jibu halibadiliki, isipokuwa biti ya mbele kabisa, ambayo kushoto kwake kuna sifuri isiyogeuka. Hiyo ndiyo hatua ya 3 na ya 4 kwa pamoja.

Nuru_M: Nimeelewa kabisa. Kwa hiyo kwa biti 30 sihitaji kuhifadhi orodha?

Mwandishi: Usithubutu, ni zaidi ya namba bilioni moja. Toa moja moja kwa kanuni.

mzee_wa_vihisi: Mimi gurudumu langu lina nafasi 10, si 16. Nimechukua kumi za kwanza, linaruka likirudi sifuri.

Mwandishi: Lazima liruke: nafasi ya 9 ni 1101, na ya 0 ni 0000, biti tatu. Chukua kumi za *katikati*, kuanzia nafasi ya 3 hadi ya 12. Ya 3 ni 0010, ya 12 ni 1010, zinatazamana kwenye kioo kwa hiyo zinaungana. Kata sawasawa pande zote mbili, itakubali kwa idadi yoyote shufwa.

mzee_wa_vihisi: Na nafasi 9?

Mwandishi: Haiwezekani kwa msimbo wowote. Kila hatua inageuza biti moja, hivyo idadi ya moja inabadilika kati ya shufwa na witiri. Baada ya hatua 9 huwezi kuwa umerudi ulikoanzia.

jey_kodi: Naweza kujumlisha hizi namba moja kwa moja?

Mwandishi: Hapana. Zirudishe kwanza.

jey_kodi: Kivipi sasa, mbona hujaandika?

Mwandishi: Kichwa cha somo kinasema kupanga. Haya: biti ya mbele inabaki, kila inayofuata inalinganishwa na biti *uliyokwishapata*, si ile ya msimbo. 111: shusha 1, 1 na 1 zinafanana, andika 0, 0 na 1 zinatofautiana, andika 1. Umepata 101, yaani 5.

Nuru_M: Nyongeza kwa wanaotumia C: kwenye kukagua, `d & (d-1) == 0` inafanya `==` kwanza na kukupa jibu la uongo. Weka mabano, `(d & (d-1)) == 0`.

Mwandishi: Kweli, Python haina shida hiyo. Nyingine: ukitaka kujua biti ipi inageuka ukiingia nafasi ya `i`, hesabu sifuri zilizo mwishoni mwa `i`. Ukiingia ya 4, yaani 100, sifuri ni mbili, inageuka biti namba 2 ukihesabu kutoka kulia kuanzia 0.

kipanya7: Mkuu na ya biti nne?

Mwandishi: Hatua ya 2.