Upekuzi bila hati: jinsi ya kupima kama mahakama italazimika kukikataa kielelezo

Mwongozo huu ni kwa wasaidizi wa kisheria na mawakili wachanga. Nimeuandika baada ya kukaa na dada mmoja wa usaidizi wa kisheria hapa Moshi aliyekuwa na swali hili mezani: polisi wamepekua bila hati, je, walichokikuta kinatupwa? Wengi hujibu "ndiyo" au "hapana" papo hapo, na majibu yote mawili yanaruka sehemu ngumu. Namba za vifungu ninazotumia ni za Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, Toleo la 2022. Kabla ya kunukuu mbele ya hakimu, linganisha na toleo ulilonalo mkononi, kwa sababu namba hubadilika sheria zinapofanyiwa urekebu.

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Duka la fundi nguo pale Majengo limevunjwa usiku wa kuamkia Jumatatu na vyerehani vitatu vimeibwa. Jumatano saa nne asubuhi mtu anatoa taarifa kituoni kwamba vyerehani viko chumbani kwa kijana fulani wa Pasua. Siku hiyohiyo saa tatu usiku, askari watatu wakiongozwa na koplo wanagonga mlango. Hawana karatasi yoyote. Mwenyekiti wa mtaa hakuitwa. Kijana yupo na mkewe. Vyerehani vinakutwa chini ya turubai. Hati ya kukamata mali inajazwa kituoni saa nne na nusu usiku, kijana anaisaini, mkewe hakusaini. Sasa koplo yuko kwenye kizimba cha shahidi katika Mahakama ya Wilaya na anaomba vyerehani vipokelewe kuwa kielelezo.

Hatua ya 1: Andika saa

Chukua karatasi na kalamu, uandike kila tukio na saa yake. Usifanye kazi hii kichwani. Katika mfano wetu, mstari wa thamani kuliko yote ni pengo la saa kumi na moja kati ya taarifa na upekuzi. Utauhitaji baadaye.

Hatua ya 2: Uliza polisi waliingia kwa mlango gani wa sheria

Kifungu cha 38 kinampa mkuu wa kituo njia mbili: apekue mwenyewe, au atoe idhini ya maandishi kwa askari aliye chini yake. Vyote viwili vinadai awe na sababu za msingi za kushuku, na aridhike kwamba kuchelewa kutafanya mali iondolewe au iharibiwe, au kutahatarisha maisha au mali. Angekuja mkuu wa kituo mwenyewe, hoja ya "hakuna hati" ingekufa hapohapo. Kwa hiyo swali la kwanza huwa ni nani aliyeongoza upekuzi, ndipo uulize karatasi.

Mlango mwingine ni kifungu cha 42, upekuzi wa dharura. Askari anaruhusiwa kupekua bila hati pale anapoamini kwa sababu za msingi kwamba ni lazima afanye hivyo ili kitu kinachohusiana na kosa kisipotee wala kuharibiwa, na hali yenyewe ni nzito na ya haraka kiasi cha kutosubiri. Upande wa Jamhuri hukimbilia hapa mara nyingi, na hapa ndipo ratiba yako inapofanya kazi. Saa kumi na moja zilitosha kabisa mkuu wa kituo kuandika karatasi moja. Jambo ambalo lingengoja tangu saa nne asubuhi hadi saa tatu usiku haliwi dharura kwa kuitwa dharura.

Badilisha ukweli mmoja uone tofauti. Tuseme taarifa imekuja saa tatu kasoro dakika kumi usiku, na vyerehani vinapakiwa kwenye Fuso inayoelekea Bomang'ombe, injini inaunguruma. Hapo kifungu cha 42 kinakaa vizuri. Upekuzi ni halali, na huna sababu ya kuendelea na hatua zinazofuata.

Hatua ya 3: Tenganisha kasoro za kweli na za kubuni

Kijana wetu ana kasoro mbili kubwa. Ya kwanza ni kwamba hakuna idhini ya maandishi wala dharura. Ya pili, hakuna shahidi huru, mtu asiye askari wala ndugu wa mtuhumiwa aliyeshuhudia. Amri ya Jumla ya Polisi namba 226 inagusa upekuzi, na Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi uzito wa shahidi wa namna hiyo. Kasoro ya tatu, ndogo kidogo, ni hati ya kukamata mali kujazwa kituoni badala ya eneo la tukio, maana inafungua swali kama kilichoandikwa ndicho kilichotoka chumbani.

Sahihi ya mke si kasoro. Kifungu cha 38(3) kinataka sahihi ya mwenye nyumba au mkaaji, au ndugu yake wa karibu, au aliyekuwa na umiliki wa eneo wakati huo. Kijana ni mkaaji na amesaini. Nimeona mapingamizi yakianza na hoja hii, na hakimu akishaona hoja ya kwanza haina miguu anazisikiliza zilizobaki kwa shaka. Iache.

Saa ya usiku nayo ina uzito wa aina yake. Kifungu cha 40 kinasema hati ya upekuzi itekelezwe kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, isipokuwa mahakama iruhusu saa nyingine. Kwa mfano wetu hakuna hati kabisa, hivyo usiijenge kuwa hoja inayojitegemea. Itumie kuonyesha ukubwa wa uvunjaji.

Hatua ya 4: Kifungu cha 169, taratibu

Hapa ndipo watu hupotea, kwa hiyo soma mara mbili.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba upekuzi ukishakuwa haramu, kielelezo kinatoka chenyewe. La pili ni kurudi kwenye fikra ya zamani kwamba ushahidi ukiwa na uhusiano na kesi unapokelewa, hata kama ulipatikana vibaya. Fikra hiyo ina historia: katika shauri la Kuruma kutoka Kenya, Baraza la Faragha la London lilikubali mwaka 1954 risasi mbili zilizopatikana kwa upekuzi wa askari wasio na cheo kilichotakiwa na sheria, na mtu yule alikuwa amehukumiwa kifo. Sheria yetu ya 1985 iliandika kitu tofauti, na lazima ukifuate kwa maneno yake.

Kifungu cha 169 kinaanza kazi pale pingamizi linapotolewa kwamba ushahidi umepatikana kwa kukiuka Sheria hii au sheria nyingine yoyote, au kutokana na ukiukaji huo. Likishatolewa, sheria inasema mahakama, kwa hiari yake kamili, *isiupokee*, isipokuwa iridhike, kwa kupima upi una uwezekano mkubwa zaidi, kwamba kuupokea kutaunufaisha umma kwa namna mahususi na ya maana, bila kuathiri isivyostahili haki na uhuru wa mtu yeyote. Angalia mpangilio wake: mahali pa kuanzia ni kukataa, na kupokea ndiko kunakohitaji sababu. Kifungu kidogo cha (3) kinamtwisha mzigo anayetaka ushahidi uingie. Mshtakiwa hana kazi ya kuthibitisha kwamba haki yake imeumizwa kiasi gani. Jamhuri ndiyo yenye kazi ya kuonyesha faida ya umma.

Kwa hiyo jibu la "je, mahakama inalazimika kukikataa?" ni hili: inalazimika, mpaka Jamhuri ijinasue. Wakili wa serikali akisimama na kusema tu "Mheshimiwa, wizi umekithiri Moshi," hajajinasua. Faida inayotakiwa ni mahususi, ya ushahidi huu katika kesi hii.

Upande wa pili pia ni wa kweli. Katika Nyerere Nyague dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 67 ya 2010, Mahakama ya Rufani ilisema si kila ukiukaji wa Sheria hii huondoa ushahidi moja kwa moja; hutazamwa aina na ukubwa wa ukiukaji. Usiende mahakamani ukijifanya hukumu hiyo haipo.

Kifungu kidogo cha (2) kinataja mambo ya kupima. La kwanza ni uzito wa kosa, pamoja na uharaka na ugumu wa kumpata mhusika na haja ya kuhifadhi ushahidi. Kuvunja duka ni kosa zito, lakini si sawa na mauaji, na mtu alikuwa anajulikana jina na chumba tangu asubuhi. La pili ni aina na ukubwa wa ukiukaji. Kuingia chumbani mwa watu usiku bila mamlaka yoyote kunagusa faragha ya makazi, ambayo Ibara ya 16 ya Katiba inailinda. Kusahau kuandika tarehe kwenye hati halali kusingefika hapo.

La tatu ndilo lenye makali mawili: ni kwa kiasi gani ushahidi ungeweza kupatikana kihalali. Jamhuri itasema, "Hati ingetolewa tu, kwa hiyo hakuna kilichoharibika." Mimi nalisoma kinyume, na nadhani ndiyo namna sahihi. Kama njia halali ilikuwa wazi kwa saa kumi na moja na askari hawakuitumia, udhuru wa kuiruka unazidi kupungua. Jiandae kujibu hoja ile hata kama hakimu hajaiuliza, kwa sababu ndiyo hoja yao nzuri kuliko zote.

Kwa kupima hivyo, naona vyerehani vya Pasua vinapaswa kukataliwa. Katika Shabani Said Kindamba dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 390 ya 2019, Mahakama ya Rufani iliuona upekuzi usio na hati kuwa haramu na kuviondoa vielelezo vyake kwenye kumbukumbu. Isome yote kwenye TanzLII. Usinukuu mstari uliotumiwa na mtu kwenye kundi la WhatsApp.

Hatua ya 5: Simama kabla kielelezo hakijapokelewa

Kifungu cha 169 kinaamshwa na pingamizi. Simama koplo anapoomba kukitoa, si kwenye majumuisho. Taja kifungu kilichovunjwa, ukweli ulio kwenye ushahidi wake mwenyewe, kisha 169, na umwombe hakimu aandike sababu zako zote. Rufaa si mahali pa kuanzia pingamizi. Ukinyamaza hapa unaweza kuambiwa huko kwamba umelikumbuka baadaye.

Hatua ya 6: Hesabu kilichobaki

Hati ya kukamata mali ikiondolewa kwa sababu tu haikusomwa mahakamani baada ya kupokelewa, ushahidi wa mdomo wa askari unaweza kubaki na kutosha. Issa Hassan Uki dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 129 ya 2017, ni mfano. Upekuzi wenyewe ukiwa haramu, omba na maneno ya koplo kuhusu alichokikuta yaondoke pia, kwa kuwa yametokana na ukiukaji uleule. Kisha tazama kama kuna ushahidi usiotoka kwenye upekuzi, mfano jirani aliyemwona kijana akishusha vyerehani kwenye bodaboda alfajiri ya Jumatatu. Huyo pingamizi lako halimgusi, na utalazimika kumhoji kwa njia ya kawaida.