Somoe yuleyule kila ukurasa: kumfunza mhusika wa kitabu kwa LoRA

Kitabu nitakachotumia kama mfano kina kurasa 24. Somoe, msichana wa miaka saba, anatoka Mikindani kwenda Newala kumsaidia bibi yake kuokota korosho. Gauni lake ni la njano lisilo na maua, na nywele zimesukwa twende kilioni, mistari mitano. Ukiiomba modeli ya akili bandia imchore kwa maneno matupu, ukurasa wa pili anakuja na mistari tisa, wa tatu ana miaka kumi na miwili, wa nne gauni limeota maua. Kung'ang'ania namba ileile ya `Seed`, ile inayoanzisha picha, hakusaidii. Ukibadilisha maelezo ya tukio, na sura inabadilika. Dawa ni LoRA, faili dogo la nyongeza linaloifunza modeli mhusika mmoja.

1. Tengeneza picha mama. Somoe amesimama, mwili mzima, mwanga wa kawaida. Mpe alama chache zinazoonekana hata picha ikiwa ndogo. Bangili yenye shanga za rangi saba ni kujitafutia balaa, gauni la rangi moja linatosha.

2. Zalisha picha nyingine kutoka kwenye hiyo moja. Tumia modeli inayopokea picha na kuibadilisha kwa maagizo, kama FLUX.1 Kontext: mgeuze upande, mkalishe, mchekeshe, mwonyeshe kwa nyuma. Kila mara pakia picha mama, usipakie ile iliyotoka sasa hivi, maana kosa dogo la kila picha hurithiwa na inayofuata.

Picha ya nyuma ndiyo sababu hatuishii hapa. Picha mama haionyeshi kisogo, kwa hiyo modeli inabuni misuko upya kila unapoiomba. Chagua kisogo kimoja, kifanye ndicho rasmi, na picha zote za nyuma zitokane nacho.

3. Chuja bila huruma. Zipange zote kwenye skrini moja, uhesabu mistari ya nywele, uangalie shingo ya gauni, urefu wa mikono, weusi wa ngozi. Modeli nyingi hupenda kumweupesha mtoto taratibu, na hutaliona hilo ukitazama picha mojamoja. Picha 20 zinazokubaliana ni bora kuliko 40 zinazobishana.

4. Andika maelezo ya kila picha. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Kila picha inakuwa na faili lake la maandishi, linaloanza na jina la kubuni ambalo modeli haijawahi kulisikia:

```
smoemtw, girl sitting under a tree, side view, laughing, morning light
```

Gauni la njano sikulitaja, wala nywele. Unachokitaja, modeli inakichukulia kuwa kinaweza kubadilika, na unachokinyamazia kinajishikiza kwenye jina `smoemtw`. Basi taja mti, mkao, kicheko na mwanga, nyamazia umbo la Somoe. Kinyume chake kinauma pia: kama picha zote zina ukuta mweupe na hukuutaja, ukuta huo utamfuata mpaka baharini.

5. Funza. Kwa SDXL, modeli ya picha tutakayoifunza, picha ziwe za takriban pikseli 1024 kwa 1024. Natumia programu ya kohya_ss. Kama huna kompyuta yenye kadi ya michoro ya nguvu, kodi moja mtandaoni kwa saa. La muhimu ni kuweka `save_every_n_epochs = 1`, ili faili la kila mzunguko libaki na uweze kurudi nyuma.

6. Mjaribu kwenye tukio asilolijua. Kwenye Forge, programu ninayotolea picha, naandika hivi, 0.8 ikiwa nguvu ya LoRA:

```
<lora:somoe-000006:0.8> smoemtw, girl rowing a small wooden boat, dusk
```

Rudia kwa 0.6 na 1.0, `Seed` ileile. Hapa ndipo namba hiyo ina faida, kwa kulinganisha. Kama hata kwa 0.6 anasimama wima akikutazama badala ya kupiga kasia, amekaririshwa kupita kiasi: chukua faili la mzunguko wa awali. Kama kwa 0.8 gauni linarudi kuota maua, huenda mafunzo hayajatosha, lakini kagua kwanza picha zako. Mara nyingi kuna mbili tatu zilizopenya kwenye mchujo.

7. Bibi akiingia. Ukiwaomba wote wawili pamoja, bibi atatokea na uso wa Somoe na twende kilioni kichwani. Tengeneza ukurasa ukiwa na Somoe peke yake, acha nafasi chini ya mkorosho, kisha ingia `Inpaint`, paka sehemu hiyo, ondoa LoRA kwenye maelezo, umwombe bibi hapo.

Kanga yake iombe tupu, yenye pindo tu. Modeli hizi zikiandika jina la kanga hutoa herufi zisizosomeka, na msomaji wa Lindi au Mtwara jicho lake litaanzia hapohapo. Maneno naandika mwenyewe kwenye programu ya Krita, kwenye tabaka lake, halafu nanakili tabaka hilo kila ukurasa ambao bibi yumo na kulikunja kufuata mkunjo wa nguo.