Somo: Fuatilia siku ya kuanza kazi, si siku ya mkataba kuisha

Wengi wanaosimamia majengo kadhaa wana orodha ya siku ambazo mikataba ya pango, bima na leseni zao zinaisha. Orodha hiyo huwa sahihi, lakini haimsaidii mtu. Mkataba ukifika siku yake ya mwisho, muda wa kutoa notisi umeshapita zamani. Leseni nayo haipatikani siku unayoiomba, kwa sababu mara nyingi ukaguzi hutangulia. Kwa hiyo jedwali letu litahesabu kurudi nyuma, na programu yoyote ya majedwali inatosha.

Hatua ya 1: Mstari mmoja kwa kila tarehe

Usiweke mstari mmoja kwa kila jengo. Duka moja linaweza kuwa na mkataba, bima ya jengo, bima ya mpangaji na cheti cha usalama wa moto, na kila kimoja kina siku yake. Panga safu hivi:

- A: jengo au chumba
- B: aina ya hati
- C: siku ya mwisho
- D: miezi ya notisi (weka 0 kama haipo)
- E: siku za maandalizi
- F: siku ya mwisho ya kutenda
- G: siku ya kuanza
- H: hali
- I: siku uthibitisho ulipopatikana
- J: mhusika

C na D zitoke kwenye hati yenyewe, si kwenye kumbukumbu ya mtu wala barua pepe ya zamani. Kama mkataba una nyongeza iliyosainiwa baadaye, nyongeza ndiyo ya kusomwa kwanza.

Hatua ya 2: Fomula tatu

Katika mstari wa pili, weka hizi kwenye F2, G2 na H2 kwa mfuatano huo:

```
=EDATE(C2,-D2)
=F2-E2
=IF(I2<>"","IMEKAMILIKA",IF(TODAY()>F2,"IMEPITA",IF(TODAY()>=G2,"ANZA","BADO")))
```

Kompyuta ikikataa, jaribu nukta-mkato badala ya mkato. Hutegemea mpangilio wa lugha. Ukiona namba kama 46262 kwenye F, fomula haijakosea. Badilisha tu muundo wa seli uwe wa tarehe.

Hatari kubwa iko kwenye C. Ukiandika 03/04/2027, kompyuta moja itasoma tarehe 3 Aprili na nyingine tarehe 4 Machi, na hakuna itakayolalamika. Chagua muundo unaoonyesha jina la mwezi, kisha soma upya kila tarehe uliyoingiza.

Hatua ya 3: Mfano wa duka moja

Tuseme mkataba wa duka ni wa miaka 3 kuanzia 1 Machi 2024. Unaisha 28 Februari 2027, na kifungu cha notisi kinadai muda usiopungua miezi 6. Ukiweka 6 kwenye D, F itatoa 28 Agosti 2026. Hiyo ni siku ambayo notisi iwe imeshamfikia mpangaji, si siku ya kuituma. Soma kifungu kinachoeleza jinsi notisi inavyofikishwa: baadhi ya mikataba huhesabu barua kuwa imepokelewa siku kadhaa baada ya kutumwa, na mingine haitambui barua pepe kabisa.

Kabla ya kuandika notisi lazima uamue kama unamtaka mpangaji abaki, na kwa kodi gani. Ukiipa kazi hiyo siku 60 kwenye E, G inakuwa 29 Juni 2026. Kuanzia hapo mstari unasoma ANZA, wakati wenye orodha ya kawaida bado wanaona miezi minane mbele yao.

Sasa angalia bima ya jengo hilohilo, inayoisha 30 Septemba 2026. Haina notisi, kwa hiyo D ni 0. Ukitenga siku 45 za kupata bei na kuthibitisha thamani ya jengo, kazi inaanza 16 Agosti. Hapa mistari miwili inakutana. Bima nyingi hupunguza ulinzi jengo likikaa tupu kwa muda fulani, na muda huo umeandikwa kwenye masharti. Kama mpangaji anaondoka Februari, bima mpya itakuwa bado inaendelea duka likiwa tupu, kwa hiyo kampuni ya bima iambiwe wakati wa kuihuisha. Ndiyo maana napendelea jedwali moja la hati zote kuliko majedwali matatu.

Kwa leseni, E hutegemea anayekagua. Muulize mkaguzi foleni yake ni ndefu kiasi gani, kisha ongeza muda wa kurekebisha atakachokikuta. Ukaguzi ukifanyika wiki ya mwisho na kasoro ikaonekana, leseni itaisha fundi akiwa bado kazini.

Hatua ya 4: Vikumbusho

Jedwali halimwamshi mtu. Kwa kila mstari weka vikumbusho viwili kwenye kalenda ya pamoja: kimoja siku ya G, kingine siku 14 kabla ya F. Kichwa kitaje kazi: "Fikisha notisi ya duka kabla ya 28 Agosti", badala ya "Mkataba unaisha". Viende kwa watu wawili, maana mmoja anaweza kuhama kazi na vikumbusho vyake vikaondoka naye.

Hatua ya 5: Kufunga mstari

Safu ya I ijazwe tu ukiwa na uthibitisho mkononi: notisi iliyosainiwa kupokelewa, hati mpya ya bima, au leseni mpya. Ankara ya bima iliyolipwa si hati ya bima. Siku hiyohiyo fungua mstari mpya wa kipindi kijacho, na ule wa zamani uuache.

Mara moja kwa mwezi, chuja kwa jengo na uangalie kinachokosekana. Hakuna fomula itakayokukumbusha hati ambayo haikuingizwa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mkataba wangu unajihuisha wenyewe mwaka hadi mwaka. Nao niuweke?*

Huo ndio wa kuwekwa mapema zaidi, ndugu yangu. Ukikosa F, umefungwa mwaka mwingine kwa masharti yaleyale. Weka C mwisho wa kipindi cha sasa, hata kama huna mpango wa kuuvunja.

*Na mpangaji wa mwezi kwa mwezi, asiye na siku ya mwisho?*

Weka C siku unayotaka kupitia upya kodi na masharti, na kwenye B andika "mapitio", ili asije mtu akadhani mkataba unaisha siku hiyo.

*Mkataba unaruhusu mpangaji aondoke katikati, mwisho wa mwaka wa tatu kati ya mitano. Mstari mmoja unatosha?*

Hautoshi. Weka mstari wa pili wenye siku hiyo ya katikati kwenye C na notisi yake kwenye D. Notisi ni ya mpangaji kutoa, lakini wewe unahitaji kujua siku haki yake inapokwisha, maana kabla ya hapo huwezi kuitegemea kodi ya miaka miwili iliyobaki.

*Mpangaji alinipa nakala ya bima yake mwanzoni mwa mwaka. Nikishaiingiza nimemaliza?*

Nakala inaonyesha kwamba bima ilikuwepo siku ilipotolewa. Inaweza kufutwa katikati kwa kutolipa awamu. Kama mkataba unakupa haki ya kudai uthibitisho, ongeza mstari wa katikati ya kipindi na uombe barua mpya kutoka kwa kampuni ya bima au wakala wake.