Somo: Mwambaa wa kazi usijichore kwenye monita yako ya OLED

Wakuu, somo hili ni la wanaotumia monita ya OLED kwa kazi za kutwa kwenye Windows 11. Runinga ina nafuu kwa sababu picha zake hubadilika. Kwenye kompyuta, mwambaa wa kazi hukaa palepale kutwa nzima.

Kwenye OLED kila pikseli ni taa yake yenyewe, na inachakaa kadiri inavyowaka, hasa ile ya buluu. Tunasema skrini "imeungua", lakini kinachotokea ni kwamba pikseli za sehemu moja zimechoka kuliko jirani zake, kwa hiyo zinatoa mwanga hafifu. Uchovu huo haufutiki kwa usingizi wa usiku mmoja, unajumlika. Saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, ni saa 2,000 za mwambaa uleule mahali palepale.

Hatua ya 1: mwangaza. Anzia hapa. Ukipunguza mwangaza kwa nusu, uchakavu kwa kawaida hupungua kwa zaidi ya nusu, maana mkondo mdogo huja na joto dogo. Fungua ukurasa mweupe, ushushe mpaka ulingane na karatasi iliyo mezani chini ya taa ya chumba chako. HDR washa wakati wa filamu au gemu, kisha zima.

Hatua ya 2: ficha kisichosogea. Nenda `Settings > Personalization > Taskbar > Taskbar behaviors`, weka alama kwenye `Automatically hide the taskbar`. Mandhari yawe meusi, aikoni za kwenye eneo-kazi ziondoe. Kisha skrini ijizime baada ya dakika 5 bila kuguswa:

```
powercfg /change monitor-timeout-ac 5
```

Kwa laptopu inayotumia betri, badilisha `ac` iwe `dc`.

Hatua ya 3: kusogeza pikseli. Kwenye menyu ya monita huitwa `Pixel Shift`, `Screen Move` au jina la kufanana na hayo. Iache imewashwa, ila usiitegemee kupita kiasi. Inasogeza picha nzima kwa pikseli chache kila baada ya muda. Mwambaa wa Windows 11, ukubwa ukiwa 100%, una kimo cha pikseli 48. Ukisogea pikseli 4 juu na 4 chini, katikati hubaki pikseli 40 ambazo hazikuwahi kutoka chini ya mwambaa. Faida yake ni kwamba kingo zinafifia taratibu, jicho lisione mstari mkali. Maandishi membamba ndiyo yanayonufaika hasa.

Hatua ya 4: usichomoe umeme. Monita nyingi hujisawazisha zikiwa zimezimwa kwa kitufe lakini bado zina umeme. Zinapima pikseli na kurekebisha tofauti ndogo. Mimi nilikuwa nazima soketi kila usiku nikidhani naitunza. Miezi mingi usawazishaji haukupata nafasi, na nilikuja kushtuka ukurasa wa kijivu ulipoanza kuwa na michirizi.

Kupima. Bandika hii kwenye kivinjari, bonyeza F11, tazama gizani:

```
data:text/html,<body style="background:%23808080">
```

Rudia ukibadilisha `808080` iwe `ff0000`, `00ff00` na `0000ff`. Doa linaweza kujificha kwenye nyeupe na likaonekana wazi kwenye rangi moja.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, nimecheza gemu saa tatu mfululizo, sasa naona kivuli cha ramani pembeni. Ndiyo imekufa?*

Usiogope kwanza. Kuna kivuli cha muda ambacho huondoka. Izime kwa kitufe, iache na umeme hadi asubuhi, kisha pima. Kikibaki na umbo lilelile baada ya siku kadhaa za matumizi ya kawaida, huo ni uchakavu wa kweli.

*Filamu zenye mikanda myeusi juu na chini, mikanda hiyo inaunguza?*

Kinyume chake. Pikseli nyeusi imezimwa, haichakai. Inayochoka ni katikati, hivyo ukitazama filamu za namna hiyo peke yake kwa miaka, sehemu za mikanda ndizo zitakazong'aa kuliko kwingine. Ukichanganya na picha zinazojaza skrini, tofauti inapungua.

*Kuna usafishaji mrefu kwenye menyu, kama saa nzima. Niufanye kila wiki?*

Hapana mkuu. Hauponyi pikseli iliyochoka, unarekebisha tu namna inavyoendeshwa ili ilingane na nyingine. Usubiri monita yenyewe ikuombe, au uone michirizi kwenye kijivu ambayo usawazishaji mfupi umeshindwa kuiondoa.

*Mimi ni mhasibu, jedwali liko wazi kutwa na siwezi kulificha. Nifanyeje?*

Tumia mandhari meusi ya programu, na dirisha lisikae mahali pamoja: leo kushoto, kesho kulia. Mwangaza ushushe zaidi ya sisi wengine. Kama jedwali lazima liwe jeupe na lijae skrini saa 8 kila siku, kazi hiyo mpe monita ya LCD, OLED ibaki kwa mengine.