Kabla ya kufungua chupa ya dawa, jua maji ya kusuuzia yataingia wapi

Mkulima wa nyanya wa Bahati au Subukia anayepiga dawa kwa pampu ya mgongoni ya lita 20 anatakiwa kuipangia chupa yake mwisho mapema, kabla hajachanganya chochote. Akiijaza pampu maji hadi shingoni halafu chupa imwishie mkononi, maji ya kusuuzia hayatakuwa na mahali pa kwenda. Atayamwaga karibu na kisima, au ataitupa chupa kwenye ua ikiwa bado na dawa ndani. Yote mawili yanazuilika kwa kuitazama chupa kwanza.

Tuseme lebo inaelekeza mililita 40 kwa pampu ya lita 20. Chupa ya lita moja itatosha pampu 25, na pampu ya kuangalia ni hiyo ya mwisho. Chupa nyingi zina mistari ya vipimo ubavuni, kwa hiyo utaona dawa ikikaribia mililita 40. Pampu hiyo itie maji lita 10 tu. Mimina kipimo cha mwisho, suuza chupa mara tatu ukimimina kila maji ya kusuuzia ndani ya pampu hiyo hiyo, kisha ongeza maji hadi lita 20 na upige dawa kama kawaida. Maji ya kusuuzia yatakuwa kama mililita 750, na yataishia kwenye nyanya ambako dawa ilikusudiwa kwenda.

Weka karibu nawe mtungi wa lita tano wa maji safi kabla ya kufungua chochote. Changanyia katikati ya shamba utakalolipiga dawa, mbali na mto, kisima au mfereji. Vaa miwani, gambuti na glavu za mpira mzito wa nitrile, kwa sababu saa ya kuchanganya ndiyo unayoshika dawa kabla haijachanganyika na maji. Glavu za kitambaa au ngozi hunywa dawa na kuibana kwenye mkono, na hizo ni mbaya kuliko kutovaa kabisa.

Kusuuza kwenyewe huenda hivi. Chupa ikiisha, iinamishe juu ya mdomo wa pampu, na mtiririko ukigeuka matone, endelea kuishika hivyo kwa sekunde 30. Tia maji robo ya chupa, yaani mililita 250 kwa chupa ya lita moja. Funga kifuniko vizuri, tikisa kwa nguvu sekunde 30 ukiigeuza huku na huku ili maji yafike shingoni na kwenye mkono wa chupa kama unao, kisha mimina ndani ya pampu na uache idondoke sekunde 30 tena. Rudia mara ya pili na ya tatu kwa maji mapya. Kikombe cha kupimia nacho kisuuzwe humo humo, na ile karatasi ya alumini iliyoziba mdomo wa chupa vilevile, maana dawa nzito hung'ang'ania upande wake wa chini.

Wengi huuliza kwa nini wasijaze chupa maji mara moja wakamaliza. Hesabu inajibu. Chukulia kwamba mililita 10 za dawa zimebaki zikishika kuta, na kwamba kila ukimwaga, mililita 10 za majimaji hubaki ndani. Ukisuuza mara moja kwa lita nzima, dawa iliyobaki ni takriban mililita 0.1. Ukisuuza mara tatu kwa mililita 250, hubaki mililita 0.0006 hivi, na maji uliyotumia ni machache zaidi. Kila awamu inapunguza mabaki karibu mara 26, mradi chupa imedondoka vizuri. Ukiharakisha, ukaacha maji mengi ndani kabla ya awamu inayofuata, hesabu hiyo yote inaharibika. Na hizo mililita 10 za mwanzo ni robo ya kipimo cha pampu moja, dawa uliyoilipia.

Utajuaje imesafika? Maji ya awamu ya tatu yawe maangavu. Yakiwa bado meupe kama maziwa, suuza tena. Tazama pia chini ya chupa na ndani ya mkono wake, ambako dawa za chengachenga zinazoelea majini hutulia kama chokaa. Ndiyo sababu kusuuza hakungoji jioni: mabaki yakikauka hugeuka utando ambao maji matupu hayautoi.

Kuna vyombo ambavyo haviingii katika utaratibu huu. Makopo ya gesi ya kupuliza hayatobolewi. Vidonge vya fosfidi ya alumini vinavyotumika kwenye maghala ya mahindi, kama kule Trans Nzoia, hutoa gesi ya sumu vikikutana na unyevu, kwa hiyo mikebe yake fuata lebo yake peke yake. Paketi za unga zikate kabisa upande mmoja, usuuze ndani ya pampu. Mara nyingi zina tabaka za plastiki na alumini, hivyo ziwekwe mbali na chupa.

Chupa iliyosafika itoboe kitako na ubavuni kwa msumari au panga, ili isije ikabeba mafuta taa au maziwa nyumbani kwa mtu. Lebo iache, anayekusanya anahitaji kujua ilikuwa na nini. Vifuniko viweke kwenye gunia lake, kwani plastiki yake kwa kawaida si ya aina moja na ya chupa. Gunia likae stoo yenye kufuli, kwenye kivuli, na umuulize mwenye agroveti ni wapi zinapokelewa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imemwekea mtengenezaji na mwagizaji wajibu juu ya taka ya bidhaa yake. Usizichome. Moto wa shambani haufikii joto la kuharibu dawa, na moshi wake unatoka na sumu nyingine.

Matandazo ya plastiki, ile nailoni nyeusi ya matuta, hayasuuziki hivyo, na uamuzi wake huanzia dukani. Nailoni nyembamba ni ya bei nafuu lakini hupasuka vipande wakati wa kuitoa. Nunua ya mikroni 25 au zaidi. Kwa robo ekari yenye matuta 20 ya mita 30, nailoni ya upana wa mita 1.2 na mikroni 25 ina uzito wa kilo 16 au 17 ikiwa safi. Ikitoka na udongo na maji, uzito unaweza kuongezeka maradufu, na mnunuzi wa plastiki huikataa kwa sababu hiyo. Zungumza naye kabla ya kuing'oa.

Siku ya kuitoa, udongo uwe na unyevu kidogo: ukiwa tope unaganda juu yake, ukikauka sana unaibana kingo ikapasuka. Toa mipira ya matone kwanza, kata mashina usawa wa ardhi, fukua kingo zote mbili kwa uma jembe, kisha vuta polepole ukikung'uta. Iache ikauke, kung'uta tena, viringisha ufunge kwa kamba ya katani. Isitumike kuanikia mahindi wala kufunikia majani ya ng'ombe, kwa sababu imepokea dawa msimu mzima. Vipande vilivyobaki viokotwe kwa mkono kabla ya trekta kuingia. Plau ikishapita, kipande kimoja kimekuwa kumi na vimezikwa.