Mtoto akichekwa kwenye grupu la darasa, usikimbilie kumtoa

Mzazi akiona picha ya mwanawe imegeuzwa stika ya kuchekwa kwenye grupu la WhatsApp, mara nyingi humtoa mtoto na kufuta kila kitu. Stika inaendelea kuzunguka, ushahidi umekwenda.

Piga skrinshoti kwanza, ionyeshe namba ya aliyetuma, tarehe na saa. Ndipo admini aifute kwa wote. Nakala zilizokwisha kupelekwa kwingine hataziweza. Lakini kama ni picha ya utupu ya mtoto, usiihifadhi wala usiitume kwa yeyote: piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto Kenya na Tanzania.

Aliyetuma haoni uso wa mwenzake ukibadilika, anaona emoji za kicheko tu. Uwanjani machozi huweza kumzuia. Hapa vicheko vinamchochea. Ndiyo maana wanaotazama wana kazi kubwa kuliko admini. Mmoja akiandika "futa hiyo bwana", kisha akamtumia aliyechekwa ujumbe wa pembeni, "nimeona, kesho tukae pamoja", mchezo hupoa. Kumtukana mchokozi grupuni kunampa jukwaa tu. Skrinshoti imfikie mwalimu wa darasa jioni hiyo hiyo, kabla kejeli hazijahamia madawatini asubuhi.